Bagira: Feza anayotuma mtoto aliye Amerika, je, ni mapato ya kulipia kodi?

Habari ilifika Bagira kwa njia inayojulikana, yaani kwa sauti za WhatsApp: Amerika imeweka kodi juu ya feza ambayo watu wanatuma kwao. Ilipopita kwenye vikundi vya familia na vya kanisa, ikageuka kidogo kidogo. Sasa wamama wanaelezana sokoni kwamba kila dola inayotoka ng'ambo imekuwa mapato, na kwamba anayeipokea ndiye atapaswa kwenda kuitangaza na kuilipia.

Shangazi yangu ni mmoja wa walioamini. Ni mjane, ana wajukuu watatu nyumbani, na mtoto wake wa pili yuko Kentucky, anafanya kazi kwenye depo ya mizigo. Kila mwezi kijana huyo anatuma dola 200. Shangazi alinipigia simu akitaka kujua kama anapaswa kumwambia aache kutuma kwa muda. "Mimi sina kazi, sina duka," aliniambia. "Nitaenda kujieleza kwa serikali juu ya feza ya mtoto wangu mwenyewe?"

Si mtu wa kuogopa ovyo. Wakaaji wengi wa mji huu bado wanakumbuka RAM, ile daftari ya simu iliyoanzishwa mwaka 2020. Watu waliona uniti zao zinakatwa bila mtu kuwaeleza vizuri sababu. Kwa simu ya 3G au 4G ilifikia dola 7 kwa mwaka. Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka 2022 serikali ikaifuta. Aliyeonja RAM anajua kwamba kitu kinaweza kukatwa ndani ya simu yake akiwa amelala. Kwa hiyo jibu la "usijali, shangazi" halikutosha. Ilibidi tuanze na neno lenyewe.

Kwa Kiswahili, mapato yanatoka kwa kupata. Ukipata feza, umepata. Basi ni mapato. Hapo ndipo shangazi alikwama, na wengi wanakwama pamoja naye. Lakini sheria ya kodi haitumii neno hilo kwa upana huo. Haiulizi kama feza imeingia mkononi mwako. Inauliza imezaliwa na nini. Feza ambayo sheria inaitafuta ni ile iliyozaliwa na kazi, na biashara, na nyumba inayopangishwa, au na mali iliyowekwa mahali ili izae. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea dola 200 na asidaiwe kitu, na jirani yake akapokea dola 200 siku hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo, naye akawa na deni la kodi.

Kwa Kongo, msingi wa jambo hili kwa miaka mingi umekuwa Sheria namba 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969. Sheria hiyo haikuweka kodi moja juu ya kila kinachoingia. Ilipanga mapato kwa mafungu: fungu la feza ya kupangisha nyumba na viwanja, fungu la mali inayozaa, kama faida za hisa na riba, na fungu la kazi, ambamo mna mishahara na faida za biashara. Mwaka 2023 Kinshasa ilipitisha sheria mpya ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, lakini nayo pia inapanga mapato kulingana na chanzo chake. Msaada wa mtoto kwa mama yake hauna chanzo hata kimoja kati ya hivyo. Mama hakufanya kazi ili aupate, hakuuza kitu, hakupangisha kitu. Amepewa.

Tena Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 174, inasema kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Maana yake, kodi haizaliwi kwa sababu mtu fulani ameona dola zinaingia kwenye nyumba fulani. Inapaswa kuwa na andiko linaloitaja: ni kodi ya nini, inamhusu nani, inahesabiwa juu ya nini.

Shangazi alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo wengi husahau kuuliza: "Na mtoto huko hakulipa?" Alilipa, na hii inafaa kueleweka. Kijana anayefanya kazi kwenye depo huko Kentucky hapokei mshahara wote. Tajiri wake anakata kodi kabla ya kumlipa. Dola 200 anazotuma zinatoka kwenye kile kilichobaki. Hapunguziwi kodi kwa sababu ana mama Bukavu. Serikali ya huko ilikwisha kuchukua sehemu yake. Anayetoa zawadi Amerika anapaswa kuitangaza tu ikipita kiasi fulani kwa mwaka kwa mtu mmoja, na kwa mwaka 2026 kiasi hicho ni dola 19,000. Dola 200 kwa mwezi ni 2,400 kwa mwaka. Bado yuko mbali sana. Na hata angefika huko, kazi ya kutangaza ingekuwa ya mtoaji, si ya mama anayepokea.

Sasa turudi kwa ile habari ya WhatsApp, maana haikuwa uongo mtupu. Kuna kodi mpya kweli. Iko katika sheria kubwa ya bajeti ambayo rais Donald Trump alitia sahihi tarehe 4 Julai 2025, na inahusu feza inayotumwa kuanzia 1 Januari 2026. Bunge la huko lilianza kwa kupendekeza 5 kwa mia, likashuka hadi 3.5, na mwisho ikabaki 1 kwa mia. Inakatwa pale mtu anapokwenda dirishani kutuma feza nje ya Amerika akiwa ameleta noti mkononi, au hundi za namna fulani. Anayetuma kutoka kwenye konti yake ya benki ya huko, au kwa kadi ya benki iliyotolewa huko, hakatwi. Na anayelipa ni mtumaji. Kampuni inayotuma ndiyo inamtoza palepale.

Kwa binamu yangu hesabu ni fupi. Akienda dirishani na noti za dola 200, atalipa dola 2 zaidi, pamoja na ada ya kawaida ya kutuma. Akituma kwa kadi yake kupitia simu, halipi hizo dola 2. Kwa njia zote mbili, shangazi hadaiwi chochote na Amerika, na kodi hiyo haifanyi dola zake ziwe mapato hapa Bagira. Ni kodi juu ya tendo la kutuma.

Tofauti hiyo si maneno ya wanasheria tu. Majirani zetu wa Uganda waliiona kwa macho. Mwezi wa Julai 2018 serikali yao iliweka 1 kwa mia juu ya feza ya simu: kuweka, kutuma, kupokea na kutoa, kila kimoja. Watu walilalamika sana, na kabla ya mwaka kuisha ikapunguzwa hadi 0.5 kwa mia, juu ya kutoa peke yake. Hiyo haikuwa kodi ya mapato. Tajiri na maskini, aliyepewa na aliyefanya kazi, wote walikatwa sawa, kwa sababu kilichotozwa ni mwendo wa feza. Ni kusema serikali ikitaka kutoza feza ya simu inaweza, lakini inaandika sheria ya jambo hilo kwa jina lake. Haijifichi ndani ya kodi ya mapato.

Lakini shangazi alikuwa na ushahidi wake. "Mwezi uliopita alituma 200, mimi nikashika 188. Hizo 12 nani alizikula, kama si serikali?"

Tulifungua simu yake. Ujumbe wa kampuni ulionyesha kwamba dola 200 kamili zimeingia. Basi hakuna kilichokatwa njiani. Ujumbe wa pili, wa kutoa feza, ulionyesha ada ya kampuni, dola chache. Iliyobaki haikuandikwa popote. Ilikuwa bei ya kijana wa kabine, aliyemwambia kwamba kupata noti kumekuwa kugumu. Tangu AFC/M23 ichukue Bukavu katikati ya Februari 2025 na benki kufunga milango, noti zimekuwa bidhaa. Wenye kabine wanazitafuta kwa shida na wanaziuza kwa shida. Wakaaji wengine wanavuka Ruzizi hadi Kamembe ili watoe feza huko. Inauma, na kwa mama wa wajukuu watatu dola 12 ni unga wa siku kadhaa. Ila si kodi, na kuiita kodi kunamficha anayeichukua.

Njia ya kutambua ni hiyo hiyo kila mara. Mwombe mtoto akutumie picha ya risiti yake: pale utaona alichotoa, ada ya huko, na ile 1 kwa mia kama alilipa taslimu. Kisha soma ujumbe wa kuingia kwenye simu yako, kisha ujumbe wa kutoa. Mwisho hesabu noti mkononi. Kila pengo lina mwenyewe. Likiwa kati ya risiti na ujumbe wa kuingia, ni la kampuni ya kutuma au la bei ya kubadilisha dola. Likiwa kati ya ujumbe wa kutoa na noti, ni la kabine. Kodi ya mapato haikatwi katika hatua yoyote ya hizo.

Hapo nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza, sababu kwa kuzungumza niligundua kwamba si kila dola iliyo nyumbani kwa shangazi ni zawadi.

Nyuma ya nyumba yake kuna vyumba viwili ambavyo mtoto alijengesha kwa feza ya Kentucky. Kuna mpangaji ndani, analipa dola 80 kwa mwezi. Shangazi alikuwa anaziweka katika hesabu moja na zile 200: yote ni ya mtoto, yote imetoka Amerika. Ndiyo, feza ya matofali na mabati ilitoka Amerika, na haikulipiwa kodi ya mapato ilipoingia. Lakini dola 80 hazitoki Amerika. Zinazaliwa Bagira, kila mwezi, na chumba kilicho Bagira. Hilo ni fungu la kwanza kabisa la sheria ya 1969.

Kodi ya nyumba zinazopangishwa ni kodi ya provensi. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni 22 kwa mia ya feza yote ya upangaji. Kati ya hizo, 20 zinakatwa na mpangaji mwenyewe anapolipa, kwa niaba ya serikali, na 2 zinazobaki zinaongezwa na mwenye nyumba baadaye, anapotoa tangazo la mwaka. Provensi inaweza kubadilisha kiwango, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kile cha mwaka unaohusika. Tukifuata 22, chumba cha shangazi kinatoa dola 17.60 kwa mwezi: mpangaji anakata 16, anampa shangazi 64, na mwenye nyumba anabaki na deni la 1.60. Kwa mwaka mzima, upangaji ni dola 960 na kodi yake ni 211.20.

Katika Bagira, ni wapangaji wangapi wa chumba kimoja wanakata hizo 20 kwa mia? Nawajua wachache, na wote wanafanya kazi kwenye mashirika yenye mhasibu. Wengine wanalipa feza yote, na mwenye nyumba anabeba deni lote bila kujua. Hilo ndilo linaleta matata siku mkaguzi anapopita.

Kuna jambo hapa ambalo lilimshangaza hata binamu yangu tulipomweka kwenye simu. Yeye ndiye mwenye vyumba. Hati ina jina lake. Alifikiri kwa kuwa anaishi Amerika na analipa kodi Amerika, Kongo haimdai. Kumbe nyumba haikuhama naye. Mapato ya nyumba iliyo Bukavu yanadaiwa Bukavu, hata kama mwenyewe anaishi mwezini. Kwa hiyo katika familia hii, mama aliyeogopa kodi hadaiwi juu ya feza anayopokea, na mtoto ambaye hakuogopa ndiye ana kodi anayodaiwa hapa.

Fungu la pili la kuangalia ni biashara. Shangazi alichukua dola 100 kati ya zile za mwezi wa tisa akanunua makala ya kuuza kwa kopo mbele ya mlango. Zile 100 ni mtaji; mtaji si mapato. Zilikuwa zawadi zilipofika, na hazikubadilika kwa kununua magunia. Kinachoingia kwenye hesabu ya kodi ni biashara inayofuata, yaani mauzo na faida yake, nayo inahesabiwa kwa kanuni za wafanyabiashara wadogo, sawa kabisa na jirani aliyeanza na mkopo wa likelemba. Mkaguzi akisema "ulipokea mtaji wa dola 100 kutoka ng'ambo, lipa juu yake", amekosea mlango. Akisema "una meza ya makala, tuone mauzo", yuko katika kazi yake.

Inawezekana pia zawadi ikawa si zawadi. Mara mbili shangazi ametuma Kentucky sambaza kavu na vitenge kwa msafiri, na mtoto akauza kwa wenzake wa kanisa, akarudisha feza. Ile feza ilifika kwa njia ile ile ya zile 200. Lakini ni bei ya bidhaa. Kwa mara mbili tu, kwa kiasi kidogo, hakuna atakayeita hiyo biashara. Ikiwa kila mwezi, ni biashara ya kuuza nje, hata kama muuzaji ni mama na mnunuzi ni mtoto wake. Na yule kijana wa jirani anayepanga picha za video kwa studio moja ya Ubelgiji, akilipwa dola 200 kila mwisho wa mwezi, naye anaweza kusema "feza imetoka Ulaya". Imetoka Ulaya, ndiyo, lakini imezaliwa na kazi aliyoifanya akiwa ameketi Bagira. Ni mapato, na hayapotezi jina hilo kwa kupita kwenye simu.

Basi kinachomsaidia mtu siku ya kuulizwa ni alama za chanzo. Nilimshauri shangazi asifute ujumbe wa kuingia, na anunue daftari la franka chache aandike tarehe, kiasi, nani alituma na ya nini: masomo, dawa, chakula. Feza ya mpangaji iandikwe kwenye ukurasa mwingine kabisa, pamoja na makaratasi anayompa mpangaji. Kuchanganya ndiko kunaleta hatari. Mkaguzi akikuta hesabu moja yenye zawadi, upangaji na makala, ni rahisi kwake kuhesabu yote kama biashara, na ni vigumu kwa mama kumwonyesha mpaka uko wapi.

Na mtu akija mlangoni akidai kodi ya "feza ya diaspora"? Swali la kwanza ni jina la kodi na sheria inayoitaja. La pili ni karatasi yenye jina la anayedaiwa, mwaka unaohusika, kiasi kilichohesabiwa na hesabu yenyewe. La tatu ni wapi panalipwa, kwa maana kodi halali inaacha risiti ya hazina, si sahihi kwenye kipande cha karatasi. Ninaandika kile kinachosemwa na sheria za Jamhuri. Najua pia kwamba katika mji wetu wa leo kuna siku ambapo anayeuliza sheria anajibiwa kwa sauti kubwa. Hata siku hiyo, kujua kwamba unachotoa si kodi ya mapato kuna faida yake: hukiandiki kama deni, na hujitangazi kuwa mwenye mapato ambayo huna.

Kabla ya kukata simu, binamu yangu alitaka kujua kuhusu kitu kidogo. Kwa miezi mitatu alikuwa anaandika kwenye nafasi ya ujumbe, kwa mzaha, "mshahara wa mama". Shangazi alicheka sana, akasema ni mshahara wa kumzaa. Nilimwomba binamu aandike "chakula na masomo" tangu mwezi ujao, na atafute mtu wa kumwelekeza kwenye ofisi ya mapato ya provensi juu ya vile vyumba viwili.